Kutoka Rekodi ya Mwaloni hadi Karatasi: Namna ya Kunukuu Mkutano wa Hadhara

Hotuba kwa makatibu wa mikutano na waandishi wa redio, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Kwa wakubwa wangu, shikamooni. Makatibu wa vijiji na mitaa, waandishi wa redio, na nyinyi mnaotunza kumbukumbu za mialo yetu kuanzia Igombe mpaka Ukerewe, asanteni kwa kuja.

Kazi ya leo ni moja: kuichukua rekodi ya mkutano wa hadhara, yenye upepo wa ziwa, makofi na milio ya injini za mitumbwi, na kuitoa ikiwa karatasi ambayo mtu aliyekuwa hayupo anaweza kuisoma na kujua nani alisema nini. Sitagusa mahojiano ya studio wala mihadhara ya chuo. Nitashika mkutano wa kawaida kabisa wa mwaloni: mwenyekiti wa kijiji anauendesha, diwani anahutubia, wananchi wanauliza, watu wanaitikia. Kila ugumu wa kunukuu sauti unapatikana humo.

Naomba tuelewane mapema kuhusu kosa gani ndilo kubwa. Neno likikosewa herufi, msomaji hulirekebisha mwenyewe kichwani akaendelea. Lakini sentensi iliyowekwa kinywani mwa mtu ambaye hakuisema, au ahadi iliyogeuzwa kuwa katazo, msomaji hana namna ya kuigundua, kwa sababu yeye hana rekodi. Ana karatasi yako tu. Kwa hiyo nguvu zetu nyingi leo ziende kwenye mambo yanayogeuza maana, na hayo mara nyingi ni madogo: silabi moja, mkato mmoja, jina moja pembeni.

Kuhusu rekodi yenyewe nitasema machache. Kama kuna mtu wa muziki mwenye miksa, mwombe waya wa kutoka kwenye miksa uingie kwenye kinasa chako, kwa sababu hapo unapata sauti ya maiki moja kwa moja. Tena weka na simu ya pili katikati ya watu, maana miksa haiwasikii wananchi wanaojibu bila maiki. Rekodi hizo mbili zinakamilishana: moja inakupa diwani, nyingine inakupa wananchi. Ukirudi ofisini, nakili faili zote mbili kwenye kompyuta na kwenye diski ya akiba kabla hujagusa kitu, na ile ya asili usiihariri kamwe. Utafanyia kazi nakala. Upepo wa ziwani unasikika kama ngurumo nzito chini ya maneno, na unapungua ukikata sauti za chini kabisa. Kwa wenye ffmpeg, mstari huu unatosha:

```
ffmpeg -i mkutano.m4a -af "highpass=f=120" -ac 1 nakala.wav
```

Hiyo 120 ni hezi: kila kilicho chini ya hapo kinafifishwa. Usipande sana, kwa maana ukifika 300 sauti za wanaume zinakuwa nyembamba kama za simu mbovu. Usikimbilie pia programu za kufuta kelele zote, kwani zikizidishwa humeza konsonanti dhaifu, na kwa Kiswahili konsonanti dhaifu ya kwanza kabisa kupotea ni "h". Kwa nini hiyo "h" inanisumbua, mtaona sasa hivi.

Kabla ya kuanza kusikiliza, tengeneza karatasi moja ya majina. Andika viongozi wote waliokuwepo kwa majina kamili na vyeo vyao, ukiyachukua kwenye orodha ya mahudhurio, kisha majina ya mahali yanayoweza kutajwa. Hapa kwetu Igoma na Igombe zinachanganywa kila siku na sikio la haraka, wakati moja iko Nyamagana upande wa nchi kavu na nyingine iko Ilemela ufukweni. Diwani akisema "barabara ya Igombe" na wewe ukaandika Igoma, umehamisha barabara. Majina ya watu yenye "Ng'w" muulize mwenyewe anavyoliandika, maana mmoja anaandika Ng'wana, mwingine Mwana, na wote wako sahihi kwa majina yao.

Sasa kaa, vaa hedifoni, anza. Hedifoni si anasa. Spika ya kompyuta haikuonyeshi kwamba sauti ya pili imeingia chini ya ya kwanza. Kwenye VLC, kitufe cha `[` kinapunguza mwendo kidogo, `]` kinaongeza, na `=` kinarudisha mwendo wa kawaida. Shift pamoja na mshale wa kushoto inakurudisha nyuma sekunde 3. Vitufe hivyo vinne vikikaa mkononi, hutagusa kipanya tena. Kwa mtu mzoefu, saa 1 ya sauti safi ya msemaji mmoja huchukua kama saa 4 za kazi. Mkutano wa nje wenye wasemaji wengi unaweza kula saa 6 hadi 8. Mpange mwajiri wako kwa hesabu hiyo, maana anayedai saa 2 za mkutano ziwe zimechapwa jioni hiyohiyo anaomba kazi isiyokaguliwa.

Mzunguko wa kwanza ni wa kuandika kila kinachosikika bila kuremba. Andika na "eeh", na maneno yaliyokatika, na makofi. Weka muda kila msemaji anapobadilika, na kama mtu mmoja anazungumza kwa muda mrefu, weka kila baada ya dakika 2. Msemaji mpe herufi tu kwa sasa: D kwa diwani, M kwa mwenyekiti, W kwa mwananchi. Neno usilolisikia, usilibuni. Rudia mara tatu, na likikataa andika `[haisikiki 00:41:12]` usonge mbele. Mara nyingi litajifungua lenyewe baadaye, msemaji atakapolirudia au sikio likishamzoea. Ukiling'ang'ania dakika 10 mwanzoni, unaanza kusikia unachotaka kusikia.

Wapo wanaotaka kusafisha hapohapo wakati wa kuandika. Nawasihi waache. Anayesafisha huku anasikiliza hufuta vitu ambavyo hatajua tena kwamba vilikuwepo, na siku diwani akija kulalamika hana rasimu ya kumwonyesha.

Tutazame kipande kimoja kwa karibu. Nimekitunga kwa ajili ya mazoezi, ila kila tatizo lililomo ni la kweli kwenye mialo yetu. Nimeondoa herufi za wasemaji ili mwone jinsi maneno matupu yanavyoonekana:

asante mwenyekiti mimi eeh swali langu ni moja ushuru wa dagaa tunalipa hapa mwaloni tukifika sokoni tunalipa tena mtendaji alituambia nitaleta stakabadhi mpaka leo hatuja hatujaona kitu (makofi) swali lako nimelisikia eeh kwanza niseme kwamba tutatoza ushuru mara mbili mzigo mmoja haiwezekani mwenye stakabadhi ya hapa ukifika kule unaonyesha basi lakini wachuuzi ambao hawana stakabadhi hao watalipa hapana hapana nisikilizeni jamani nisikilizeni watalipa sokoni siyo hapa mmenielewa tumeelewa

Anza na hilo "hapana hapana". Ukilisoma hivi, unaweza kudhani diwani amejikosoa: watalipa, hapana, hapana. Ukiyaacha maneno hayo chini ya jina lake, umeandika kwamba alirudi nyuma. Kwenye rekodi ya simu iliyokaa katikati ya watu unasikia wazi kwamba ni sauti nyingi, ziko karibu na simu, na ya diwani iko mbali kupitia spika. Kwenye rekodi ya miksa utasikia diwani amenyamaza kidogo na kelele inapita kwa mbali. Basi hayo ni maneno ya wananchi, na yanastahili mstari wao. Hapa kuna kanuni ya kushika: hadhira ikitoa sauti isiyo na maneno, kama makofi au kicheko, inaandikwa kwenye mabano mwishoni mwa sentensi ya msemaji. Ikitoa maneno yanayobadilisha mwenendo wa mazungumzo, inapewa jina lake kama msemaji mwingine yeyote.

Njoo kwenye "kwamba tutatoza ushuru mara mbili". Hapa ndipo ile "h" inapouma. Kukanusha kwa Kiswahili mara nyingi kunabebwa na silabi "ha" mwanzoni mwa kitenzi, na neno linalotangulia likiishia na "a", silabi hiyo inalala ndani yake. "Kwamba hatutatoza" ikisemwa haraka, tena kwenye upepo, inafika sikioni kama "kwambaa tutatoza". Maneno yanayofuata, "mzigo mmoja haiwezekani", yanakuelekeza kwamba alikuwa anakana. Lakini mwelekeo wa maneno si ushahidi wa kutosha kubadilisha ahadi ya kiongozi. Rudi kwenye sauti, ipunguze mwendo, sikiliza ile "a" ya mwisho ya "kwamba". Kama kuna "ha" iliyomezwa, irabu inavutwa na unasikia kama imekaa nafasi mbili. Kama haipo, "kwamba" inakatika fupi na "tu" inaingia mara moja. Linganisha na "kwamba" nyingine ya msemaji huyohuyo dakika chache nyuma, maana kila mtu ana mvuto wake. Kisha sikiliza rekodi ya pili. Ukibaki na shaka baada ya yote hayo, andika `[ha]tutatoza` kwenye rasimu na umpelekee diwani athibitishe. Kila kitenzi chenye uzito kinachofuata "kwamba", "kata", "sisi kama", au neno lolote la kuishia na "a", kisikilizwe namna hii. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha nukuu ya kuaminika na ya kubahatisha.

Tatu, "mtendaji alituambia nitaleta stakabadhi". Nani ataleta? Kwa sauti hakuna aliyechanganyikiwa pale mwaloni, kwa sababu mwananchi alibadilisha sauti kidogo akimwigiza mtendaji. Kwenye karatasi sauti hiyo haipo, na bila alama, sentensi inasomeka kana kwamba mwananchi mwenyewe ndiye atakayeleta. Kinachookoa ni mkato na alama za kufungua na kufunga maneno: Mtendaji alituambia, "Nitaleta stakabadhi." Angalia nafsi ya kitenzi kila unapokutana na "alisema", "akaniambia", "tukaambiwa". Kama kitenzi kinachofuata kina "ni" au "tu" ya yule anayesimuliwa, ni maneno yake yananukuliwa na alama ni lazima. Kama mwananchi angesema "alituambia ataleta stakabadhi", alama zingekuwa kosa, kwa sababu hapo anaripoti kwa maneno yake. Usigeuze moja kuwa nyingine ili ipendeze.

Nne, "wachuuzi ambao hawana stakabadhi hao watalipa". Ukitia mkato kabla ya "ambao", umesema wachuuzi wote hawana stakabadhi. Ukiacha bila mkato, umesema watakaolipa ni wale tu wasio nayo. Diwani alikusudia la pili, na ushahidi uko katika sauti yake: hakupumua kati ya "wachuuzi" na "ambao", alipumua baada ya "stakabadhi". Mkato unawekwa pale alipopumua, "wachuuzi ambao hawana stakabadhi, hao watalipa". Ila tahadhari, pumzi si mkato kila mara. Mzungumzaji akihutubia kwenye spika zenye mwangwi hujifunza kukatakata maneno ili yasigongane, na ukifuata kila pumzi yake utajaza karatasi mikato. Pumzi inakuonyesha pa kuangalia, halafu sarufi ndiyo inaamua.

La mwisho ni "mmenielewa". Swali la Kiswahili la namna hii halina neno la kuuliza wala mpangilio tofauti. "Mmenielewa" ya kuuliza na "mmenielewa" ya kuhitimisha zimeandikwa sawasawa. Sauti ikipanda mwishoni na watu wakajibu, weka alama ya kuuliza. Sauti ikishuka na msemaji akaendelea bila kungoja, weka nukta.

Baada ya kuamua hayo yote, kipande chetu kinakuwa hivi:

MWANANCHI 2: Asante, Mwenyekiti. Swali langu ni moja. Ushuru wa dagaa tunalipa hapa mwaloni; tukifika sokoni tunalipa tena. Mtendaji alituambia, "Nitaleta stakabadhi." Mpaka leo hatujaona kitu. (Makofi)

DIWANI: Swali lako nimelisikia. Kwanza niseme kwamba hatutatoza ushuru mara mbili. Mzigo mmoja, haiwezekani! Mwenye stakabadhi ya hapa, ukifika kule unaonyesha, basi. Lakini wachuuzi ambao hawana stakabadhi, hao watalipa...

WANANCHI: Hapana! Hapana!

DIWANI: Nisikilizeni, jamani, nisikilizeni. Watalipa sokoni, siyo hapa. Mmenielewa?

WANANCHI: Tumeelewa.

Mtindo huu wa jina kwa herufi kubwa, nukta mbili, na "(Makofi)" kwenye mabano, mtakuwa mmeuona kwenye Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge letu, ambazo ziko kwenye tovuti ya Bunge. Fungueni moja, msome kurasa 10 kabla ya kuanza kazi yenu wenyewe. Ni shule ya bure. Ukiiga mtindo ambao wasomaji wameshauzoea, hawatapoteza muda kujiuliza mabano yana maana gani.

Kuhusu majina ya wasemaji, msemaji mwenye cheo anapotokea mara ya kwanza andika cheo na jina kamili, na baada ya hapo cheo au jina moja linatosha, mradi lisibadilike hadi mwisho. Mwananchi asiyejitambulisha anapewa namba kwa mpangilio wa kuzungumza, na akirudi kuuliza tena anabaki na namba yake ileile. Hapo unahitaji sikio makini, kwa sababu kumpa mtu mmoja namba mbili ni kuonyesha malalamiko ya watu wawili. Usikisie jina kwa sababu sauti inafanana na ya jirani yako. Jambo la vyeo lina mtego wake pia: anayekaimu andika "Kaimu", na mwenyekiti akitoka akamwachia mwingine kiti, weka mstari kwenye mabano unaosema hivyo. Vinginevyo "MWENYEKITI" wa ukurasa wa 3 na wa ukurasa wa 9 watakuwa watu wawili wenye jina moja.

Wapo wazee watakaouliza kwa Kisukuma au Kikerewe na mtu mwingine akawatafsiria pale uwanjani. Andika kwenye jina "MWANANCHI 4 (kwa Kisukuma)", kisha maneno ya tafsiri chini ya "MKALIMANI". Ni tafsiri iliyotolewa pale ndiyo ambayo diwani aliisikia na kuijibu, kwa hiyo ibaki kama ilivyotolewa. Ikiwa unajua Kisukuma na umeona mkalimani ameruka jambo, liweke kwenye maelezo chini ya ukurasa, usilichomeke kinywani mwake. Neno moja moja kama "wabeja" liache lilivyo na uliandikie maana kwenye mabano mara ya kwanza tu.

Tukija kwenye kusafisha, ambao ni mzunguko wa pili. Hapa unafuta "eeh", maneno yaliyokatika kama "hatuja hatujaona", na vijazio vya kuvuta muda kama "nini", "yaani" na "kitu gani" vinapokuwa havina kazi. Narudia, vinapokuwa havina kazi. "Yaani" nyingine inafafanua jambo lililotangulia, na ukiifuta sentensi inapoteza kiungo. Marudio nayo ni ya namna mbili. Mtu akisema "tume, tumekubaliana" amejikwaa, safisha. Akisema "maji, maji, maji ndiyo shida ya kisiwa hiki", huo ndio uzito wa hotuba na hakuna ruhusa ya kuupunguza. Katika kipande chetu nimeacha "nisikilizeni" mbili, kwa sababu ya pili inaonyesha kelele zilikuwa hazijatulia. Nimeacha pia "Mwenye stakabadhi ya hapa, ukifika kule", ingawa nafsi imebadilika katikati. Ndivyo watu wanavyozungumza, na maana iko wazi. Kusafisha si kumfundisha diwani sarufi.

Matamshi, kwa upande mwingine, yaandikwe kwa tahajia sanifu bila kusita. Wengi wetu huku ukanda wa ziwa "r" na "l" zinabadilishana nafasi kinywani, na mtu anayesema "tupige kula" amesema kura. Kuyaandika matamshi yake yalivyo ni kumdhihaki, tena ni kuharibu maana, kwa sababu kula ni jambo jingine. Vivyo hivyo mtu akitamka "samani ya samaki", na muktadha ni bei, andika thamani. Usisahau kwamba samani zipo na huuzwa, kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kuamua.

Tarakimu zinadai uangalifu wa pekee. "Saa mbili usiku" iandike saa 2:00 usiku, usiipeleke kwenye hesabu ya saa 20, maana siyo aliyoisema. Fedha ziandikwe kwa tarakimu kwenye chapa ya mwisho, shilingi 1,500, ili jicho lizione haraka. Shida inakuja mtu anaposema "elfu mia nne na hamsini". Anaweza kumaanisha 450,000, na anaweza kumaanisha 400,050. Wengi wanamaanisha ya kwanza, lakini karatasi ya makusanyo ya mwalo haiendi kwa wengi. Tafuta risiti au kitabu cha mapato, au muulize aliyesema. Usipopata jibu, acha maneno yake kwa herufi kama alivyoyatamka. Ni heri msomaji aone utata uliokuwepo kuliko uamue wewe kwa niaba ya mweka hazina.

Sasa aya. Hotuba ya diwani ya dakika 30 ikichapwa bila aya hakuna atakayeimaliza, na ikikatwa kila anapopigiwa makofi inakuwa vipande visivyo na fikra. Makofi yanaonyesha kwamba hadhira imefurahi. Hayaonyeshi kwamba jambo limekwisha. Kwa bahati nzuri wasemaji wetu wenyewe wanatuwekea alama. "Ndugu wananchi", "ndugu zangu", "Mheshimiwa Mwenyekiti", "sasa", "la pili", "nije kwenye suala la": hayo ndiyo malango ya aya. Sikiliza jinsi anavyolitamka. "Ndugu wananchi" inayokuja baada ya kimya na sauti mpya imefungua jambo, basi anza nayo aya. "Ndugu wananchi" iliyoingia katikati ya sentensi, akitafuta neno linalofuata, ni kijazio, na ukiwa umeiacha mwanzoni mwa aya unaweza kuiondoa hapo katikati. Aya ya sentensi 4 hadi 7 inakaa vizuri kwenye karatasi. Akitoka kwenye barabara akaingia kwenye choo cha mwalo bila hata kupumua, kata aya hata kama hakukupa lango, kwa sababu jambo limebadilika.

Itifaki ya mwanzoni isifutwe, hata ikiwa ndefu. Ndiyo inayoonyesha msemaji aliwatambua akina nani mbele ya watu, na kuna siku itaulizwa. Kwa miito ya "oyee", iandike mara ya kwanza pamoja na mwitikio wake, "(Wananchi waliitikia: Oyee!)". Ikirudiwa mara 5 mfululizo, mabano moja yanatosha.

Mzunguko wa tatu unafanywa siku nyingine, sikio likiwa limepumzika, na ikiwezekana na mtu mwingine. Chapa rasimu kwenye karatasi, cheza rekodi ya asili kwa mwendo wa kawaida, fuata kwa penseli. Usisimamishe ila pale macho na masikio yanapokataana. Hapo ndipo "ha" zilizopotea zinajitokeza, na ndipo utagundua mstari mzima uliorukwa, hasa pale msemaji alipoanza sentensi mbili mfululizo kwa maneno yaleyale. Jicho likitoka kwenye skrini likarudi, hutua kwenye ya pili na kuiacha ya kwanza.

Ukurasa wa kwanza ubebe jina la mkutano, mahali, tarehe, muda wa rekodi, nani alinukuu na nani alikagua, na sentensi moja ya wazi inayosema kiwango cha uhariri: kwamba vijazio na maneno yaliyokatika yameondolewa na mengine yote ni kama yalivyotamkwa. Kama diwani alikuwa na hotuba iliyoandikwa, usiinakili kujaza mapengo ya rekodi. Watu walisikia aliyoyasema, na mara nyingi aliacha karatasi kando akasema mengine. Iambatishe nyuma ikiwa lazima, kwa jina lake.

Msemaji akiomba kuiona nukuu kabla haijatoka, mpe. Akirekebisha jina la mtu au tahajia ya kijiji, pokea. Akitaka kuondoa sentensi aliyoisema mbele ya watu, mrudishe kwenye rekodi kwa dakika na sekunde uliyoandika kwenye rasimu, msikilize pamoja. Na ikiwa kweli ulimi uliteleza, akataja mwaka 2013 akikusudia 2023, maneno ya kwenye ukurasa yabaki 2013, na chini yake uweke maelezo mafupi: [Msemaji amefafanua baada ya mkutano kwamba alikusudia 2023.]